Drafti, mchezo wa vigae, dhumna na bao: kipi uwanunulie wazee wa baraza

Baba yangu na wenzake watatu wamecheza barazani Unguja tangu tukiwa watoto. Sasa mmoja yuko Maskati kwa mwanawe, mwingine Mombasa, na kazi ya kuwatafutia mchezo wa kwenye skrini ikaniangukia mimi. Nikaanza kwa kosa: nililipia dhumna yenye rangi nyingi na saa ya sekunde ishirini. Mzee akianza kisa cha bei ya karafuu, saa inamnyang'anya zamu. Walicheza jioni mbili, wakaacha.

Tangu hapo naangalia mambo mawili kabla ya pesa kutoka mfukoni: saa inazimika, na kanuni ni zile wanazozijua? Mazungumzo hayanisumbui. Mchezo unakaa kwenye tableti na simu ya WhatsApp inapigwa kwenye simu nyingine. Ukiviweka vyote kwenye kifaa kimoja, sura za watu zinafunika ubao.

Ya kwanza: drafti kwenye Lidraughts. Ni bure na haina matangazo, kwa hiyo fedha yako iende kwenye tableti ya inchi kumi. Fungua lidraughts.org kwenye kivinjari, chagua kucheza na rafiki, kwenye muda weka `Unlimited`, kisha mtumie mwenzio kiungo. Hahitaji kujisajili.

Penye mtego ni kwenye `Variant`. Ukiacha ilivyo utapewa ubao wa miraba 10 kwa 10, na mzee atakuuliza hii drafti ya wapi. Chagua `Russian` au `Brazilian`, zote za 8 kwa 8 na kete 12 kila upande. Katika zote mbili kete ya kawaida inakula hata kurudi nyuma, na kingi anakwenda mbali kadiri njia ilivyo wazi. Zinapopishana ni hapa: Kibrazili kinakulazimisha kufuata njia inayokula kete nyingi zaidi, Kirusi kinakuachia uchague. Tena kwa Kirusi, kete ikifika mstari wa mwisho huku bado inakula, inageuka kingi palepale na kuendelea kula. Kwa Kibrazili haigeuki mpaka iishie hapo. Waulize wazee wenyewe wanavyocheza. Kwetu ugomvi huo ulichukua dakika arubaini, na ndio ulikuwa mchezo mzuri kuliko wote wa wiki.

Epuka drafti ya Kiingereza, ambayo mara nyingi ndiyo inayouzwa kwa jina la `Checkers`. Humo kete haili nyuma na kingi anapiga hatua moja tu. Ili kuitambua, cheza na kompyuta hadi upate kingi, kisha jaribu kumvusha miraba mitatu. Akigoma, ifute.

Ya pili: Carcassonne, mchezo wa vigae, kwenye tovuti ya Board Game Arena. Drafti ni ya wawili, wengine wanabaki kuchombeza. Wanne wakitaka kucheza pamoja, hapa ndipo ningelipia. Mchezo una vigae 72 vya barabara, miji na mashamba. Kila mtu kwa zamu anavuta kimoja na kukiunga na vilivyokwisha kuwekwa mezani. Kigae kinaonekana na wote, kwa hiyo kila zamu ina washauri watatu, wawili kati yao wakiwa na nia mbaya. Uzuri wa malipo ni kwamba mwanachama mmoja wa `Premium` anatosha kufungua meza. Wengine wanaingia na akaunti za bure. Msinunue nne. Wakati wa kufungua meza chagua `Turn-based` ili mtu akiitwa msikitini asipoteze mchezo. Mashamba yaacheni katika michezo miwili ya mwanzo, maana hesabu yake huja mwisho na huwachanganya wengi.

Ya tatu: dhumna. Programu ni nyingi na nyingi zinafanana, kwa hiyo angalia mpangilio tu. Mnataka kete 28, wachezaji wanne wawili-wawili, kila mmoja saba, na aina inayoitwa `Block`. `Draw` ni ya kuokota kete mtu anapokosa, na `All Fives` inahesabu pointi kwa tano-tano. Zote mbili zitawaudhi. Kama hakuna chumba cha faragha cha watu wanne, programu hiyo ni ya kucheza na wageni. Tena msikosee: kwenye simu, ishara ya jicho kwa mwenzako haipo, na kikohozi kinasikika na wote.

Bao nisingelinunua. Ukiona mashimo sita kwa safu mbili, hilo si bao letu hata picha iwe na mnazi. Letu lina safu nne za mashimo manane na kete 64, lina namua na mtaji, lina nyumba. Hata ukilipata la kweli, kompyuta inasambaza kete yenyewe, na mzee aliyezoea kuzihesabu kwa vidole anabaki mtazamaji. Baba alilijaribu la rafiki yake mara moja, akanirudishia tableti, akaniambia nimletee lile la mvule lililo chini ya kitanda.