Dawa ya Kuziba Rejeta: Ipi Ununue Bila Kuiua Hita

Wasomaji kadhaa wamenilalamikia jambo lile lile: dawa imeziba tundu la rejeta kweli, lakini sasa hita inapuliza ubaridi na ukungu hauondoki kwenye kioo cha mbele. Hita ina rejeta yake ndogo yenye mirija myembamba, na maji yakipita humo polepole, chembe za dawa hutuama. Ndiyo maana mimi sipangi dawa hizi kwa kasi ya kuziba.

Dawa husaidia tundu dogo kwenye chuma cha rejeta, lile linaloacha doa la kulanti kwenye mapezi na kupunguza maji kidogo kidogo. Tangi la plastiki lililopasuka, mpira uliochanika au pampu ya maji inayovuja havitibiwi kwa chupa.

Ya kwanza kwangu ni ya Liqui Moly, na sifichi upendeleo wangu: ni ya majimaji, huchanganyika na kulanti, na lebo inaeleza inatosha lita ngapi. Ya pili ni vidonge vya Bar's Leaks, vyenye tangawizi iliyosagwa. General Motors iliwahi kuviweka kwenye magari yake kiwandani, ila ni lazima viyeyuke vizuri kabla ya kumiminwa. Ya tatu ni zile za silikati ya sodiamu, ambazo hulenga zaidi gasketi ya silinda hedi, na nyingi hudai kulanti yote itolewe kwanza. Unga wa bei ya chini usio na kipimo uache dukani.

Kinachonikera ni muuzaji anayesema "mimina yote, haina madhara". Tuseme mfumo wa gari lako unachukua lita 5 na chupa imetengenezwa kwa lita 10: nusu inatosha, na nusu ya pili haina kazi ila kutafuta pa kutuama. Kama tundu liko kwenye rejeta kubwa, mwombe fundi aiunganishe mipira miwili ya hita ili dawa isipite humo, kisha airudishe uvujaji ukikoma na maji yenye dawa yakishabadilishwa. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa imepoa.

Kama dawa imeshapita, washa hita hadi mwisho injini ikiwa na joto lake la kawaida, kisha gusa mipira yote miwili kwa uangalifu. Wa kuingiza ukiwa wa moto na wa kutoa ukiwa vuguvugu, huku vali ya hita ikiwa wazi, hita imeziba. Fundi achomoe mipira hiyo na kupitisha maji ya bomba kwa shinikizo dogo kuanzia upande wa kutokea, hadi matope yaishe. Maji yasipopita kabisa, hita itabadilishwa, na katika magari mengi kazi hiyo huanza kwa kung'oa dashibodi.