Odoo au ERPNext kwa AMCOS ya korosho?

Ugumu wa korosho ni kwamba mkulima analeta mzigo leo, bei inajulikana mnadani baadaye. Hapo ndipo ninapozilinganisha programu hizi mbili za hesabu na ghala.

Odoo ina Consignment: unapopokea mzigo unaandika mwanachama kuwa mmiliki, na mzigo hauingii kwenye thamani ya mali ya chama. Kisheria inapendeza, maana korosho bado ni ya mkulima. Tatizo huanzia ghalani. Magunia ya watu arobaini yakishachanganywa kwenye loti moja, mfumo bado unahesabu kila kilo inayotoka kwa jina la mmiliki wake. Karani atakisia tu, na salio la mwanachama litapotoka.

ERPNext haikuhangaishi hivyo. Kila mkulima ana Purchase Receipt yake, yaani stakabadhi ya mapokezi, yenye kilo zake, zote zikibeba Batch moja ya loti. Unapokea kwa bei sifuri, ukiweka alama kwenye Allow Zero Valuation Rate. Mnada ukipita, stakabadhi inazaa Purchase Invoice na unajaza bei. Zima kwanza Maintain Same Rate, la sivyo itakataa bei mpya.

Tuseme mwanachama alileta kilo 412, bei shilingi 3,000, makato 200 kwa kilo: analipwa 1,153,600. Akibisha, unamfungulia stakabadhi ya siku ya mzani.

Mimi ningechukua ERPNext. Ila kilo zinazopungua kwa unyaufu ziandikwe kwa Stock Reconciliation, zisifichwe kwenye makato.