Maziwa ya boksi yaliyonigeukia uchungu

Nimeyatumia maziwa ya boksi kwa miaka bila kuyaandikia neno, lakini maneno niliyorushiwa majuzi na muuza duka mmoja hapa Mtwara yameniuma kuliko maziwa yenyewe.

Nililikata boksi la lita 1 asubuhi kwa ajili ya chai, nikaliacha mezani, kwa sababu muuzaji mwenyewe aliniambia kwamba maziwa hayo hayana haja ya friji. Kesho yake jioni yalikuwa machungu, ingawa hayakuwa yameganda wala kunuka kama mtindi, na hapo ndipo nilipohadaika. Niliporudi dukani, alilionyesha boksi mbele ya wateja: "Mama, tarehe hii hapa, bado miezi minne. Au husomi?" Mimi, niliyewafundisha watoto wa mtaa ule kusoma!

Basi nilisoma. Chini ya sikio la boksi, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, imeandikwa kwamba likishafunguliwa liwekwe kwenye friji na maziwa yatumike ndani ya siku 3. Tarehe kubwa iliyopigwa juu ni ya boksi ambalo halijafunguliwa, basi. Maziwa haya hupashwa joto la takriban nyuzi 140 kwa sekunde chache tu, yakajazwa kwenye boksi lisilo na vijidudu, lenye utando wa alumini unaozuia mwanga na hewa. Yale ya kawaida ya pakiti hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, joto linaloua vijidudu vya maradhi na kubakiza baadhi ya vile vya kuchachusha, ndiyo maana hukaa kwenye baridi tangu kiwandani. Ya boksi hayana dawa ya kuyahifadhi. Kinga yake ni kule kufungwa. Kisu changu kilipopita, kiliingia chochote kilichokuwa jikoni, na si kila kijidudu hugandisha maziwa: vingine humeng'enya protini yake na kuacha uchungu tu.

Nilikusudia kuwaambia watu wasiyanunue, lakini haki yake niitoe: maziwa hayana kosa, na kwa nyumba isiyo na friji au inayokatikiwa umeme, boksi la robo lita linalomalizika kwa mkao mmoja linafaa sana.

Hata hivyo hasira imenirudia ninapoandika, kwa kuwa boksi hilohilo linaagiza lihifadhiwe mahali pakavu pasipo na jua, na yeye ameyapanga barazani, jua la mchana likiyapiga. Moja lilikuwa limevimba tumbo. Boksi zima halivimbi hivi hivi. Lina tundu mahali, au mshono umeachia, na vijidudu vilivyoingia vinatoa gesi, kwa hiyo halistahili hata kuonjwa. Nilimwonyesha. Alilibonyeza kwa kidole gumba, likarudi kuvimba, akalipanga chini ya mengine.