TAHADHARI: Muuza oili anayebandika stika ya bei juu ya namba ya W

Jamani, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanisamehe nikiandika ovyo. Kuna muuza oili anadanganya watu kwa kutumia namba za kwenye dumu, na mimi mnayenijua kwa kubishana na mafundi kila siku, amenichota akili mchana kweupe.

Nilikwenda kununua oili ya ile gari, ile ile mnayoijua. Nikasema kwa sauti: nataka 5W-30. Ndivyo kilivyoandikwa kifuniko cha kujazia oili, ndivyo kinavyosema kitabu cha gari. Jamaa akaitikia kwa adabu zote, "Sawa bosi wangu," akaingia ndani, akarudi na dumu la lita 4 linalong'aa, akalipangusa vumbi kwa kitambaa na kulisimamisha mbele yangu. Stika ya bei imekaa palepale kwenye mstari wa namba. Kilichosomeka ni W-50 tu, kilichotangulia herufi hiyo kimefunikwa.

Nikamwambia, mbona hii ni 50, mimi nimetaka 30? Hapo ndipo alipocheka kile kicheko cha mtu anayekuonea huruma. "Bosi, hiyo 50 ni kilomita. 30 inakwenda elfu 3, 40 elfu 4, 50 elfu 5. Wewe huwa unamwaga oili kwa elfu ngapi?" Nikajibu elfu 5. "Sasa mbona unataka kujipunja? Na hiyo W ni uzito tu, ni ileile 5 yako." Fundi aliyekuwa amekaa kwenye benchi akatikisa kichwa kukubali, bila kuulizwa.

Msiniambie ningejua tu. Dumu lilikuwa halisi, muhuri wa kifuniko haujaguswa, na oili iliyomo ni halali kabisa kwa injini inayoihitaji. 5W-50 ni oili iliyopo kweli madukani. Na kibaya zaidi, uongo wake uliingiliana na hesabu yangu: vile vikaratasi vya kumbukumbu ya oili vilivyobandikwa karibu na mlango wa dereva vyote vinasema baada ya kilomita 5000. Mtu anakupa uongo unaofanana na ukweli ulio nao nyumbani, utaukataaje?

Oili ikamwagwa, filta mpya ikafungwa, ile mpya ikajazwa. Asubuhi iliyofuata nawasha, injini inazunguka kwa uzito kama betri imechoka. Ikawaka, lakini tapeti zikagonga tak-tak-tak kwa muda ambao si wa kawaida kabla ya kunyamaza. Nikajipa moyo kwamba oili bado ngeni. Siku zikaenda, gari ikawa zito kuondoka, mafuta yanaisha upesi, mwisho taa ya injini ikawaka. Fundi wangu akachomeka mashine, ikatoa P0011: mpangilio wa kamshafti umekwenda mbele kuliko inavyotakiwa, au mfumo wake haufanyi kazi sawasawa. Akachukua tone la oili kwenye kijiti cha kupimia, akalisugua kati ya vidole, akauliza, "Umeweka nini humu?" Nikamletea dumu. Akang'oa ile stika kwa ukucha, polepole. Chini yake: 20.

20W-50! Nimeuziwa 20W-50 kwenye injini ya 5W-30!

Sasa sikilizeni alivyonieleza, maana hapa ndipo wengi tunapigwa. Kilomita hazimo kabisa kwenye zile namba. Namba zote mbili zinahusu oili inavyotiririka, moja ikiwa baridi na nyingine ikiwa moto. W ni ya majira ya baridi kali, na namba iliyo kabla yake inasema oili inaweza kuhimili baridi kiasi gani na injini bado ikazunguka. Ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 tu chini ya sifuri. Mtasema huku kwetu hakuna barafu. Hata hivyo, injini iliyolala usiku kucha ni baridi kwa oili popote pale. Hata kwenye nyuzi 40 za joto, 20W-50 ya kawaida ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, kwa hiyo inachelewa kufika juu kwenye kamshafti na tapeti. Ile tak-tak-tak yangu ndiyo hiyo.

Namba ya pili hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, joto la injini iliyochemka. Kipimo chake huitwa sentistoksi, na kadiri kinavyopanda ndivyo oili ilivyo nzito. Oili ya 30 iko kati ya 9.3 na 12.5, ya 50 inaanzia 16.3. Hazigusani hata pembeni, katikati yao inakaa 40 nzima. Wala msidhani 5W-30 huanza nyepesi kama 5 kisha ikawa nzito kama 30 ikipata joto. Oili yoyote hulegea inapopata moto, hii ya namba mbili inalegea kidogo kuliko ile ya namba moja.

Kwenye injini yangu, oili hiyohiyo ndiyo inayosukuma ule mtambo wa kuwahisha na kuchelewesha vali, na inapita kwenye tundu nyembamba na chujio dogo kama kucha ya mtoto. Ikiwa nzito, mtambo unaitikia kwa kuchelewa, kompyuta inaona kamshafti haipo inapotakiwa, inawasha taa. Injini ya zamani isiyo na mtambo huo, ambayo kitabu chake kimetaja 20W-50, ingekunywa dumu lile bila shida yoyote. Tumemwaga yote, tumeweka filta nyingine na 5W-30, ile P0011 imefutwa kwenye kompyuta na haijarudi. Lakini nimenunua oili mara mbili!

Nilirudi kwake. Anasema oili ikishafunguliwa hairudishwi, na kwamba stika "huwa zinabandikwa na kijana". Kijana gani anayejua kubandika stika kwenye namba moja tu ya madumu yote yaliyopangwa rafu nzima? Nimeyaona kwa macho yangu. Huyu afungiwe duka. Asimamishwe mbele ya wateja wake ang'oe stika moja baada ya nyingine, na yule fundi wa benchi amshikie ndoo.

Ishara? Stika juu ya namba, ing'oe kabla hujalipa, akikataa ondoka. Akikutajia kilomita unapouliza namba, ondoka. Dumu lenye namba moja tu, SAE 40 bila W yoyote, huyo naye atakuambia ni ileile. Si ileile, hiyo haijapimwa kwa baridi kabisa. Pigeni picha kifuniko cha oili cha gari yenu, muwe nayo kwenye simu, muweke picha na dumu sambamba, herufi kwa herufi. Na mliowahi kununua kwa huyu mtu wa stika, nendeni mkang'oe leo, kisha tuandikeni malalamiko kwa pamoja kwenye ofisi ya viwango, maana mmoja mmoja anatucheka. Dumu langu na stika yake ninavyo, sijavitupa.