Televisheni Iliyokuja Nyumbani Ikiwa Bado Dukani

Siku niliponunua televisheni katika duka moja hapa Mwanga, mjini Kigoma, kijana wa duka alinipa shikamoo tatu: ya kuingia, ya kulipa, na ya kunisindikiza mpaka kwenye bajaji. Niliporudi wiki chache baadaye na malalamiko, sikupata hata moja. Naeleza uzoefu wangu na ile modi ya picha iitwayo Filmmaker Mode, lakini msomaji anisamehe nikimrudia huyo kijana mara kwa mara, kwa sababu mambo hayo mawili yameshikana kiasi kwamba siwezi kuyatenganisha.

Alikuja mwenyewe nyumbani kuifunga ukutani. Televisheni ilipowashwa kwa mara ya kwanza ikaanza kuuliza maswali yake, nami nikanyoosha mkono kuchukua rimoti, naye akaniambia, "Mwalimu, wewe pumzika, hapa kazi yako ni kuangalia tu." Akabonyeza, akabonyeza, akakunja kamba za boksi, akaondoka. Nilimshukuru sana, na shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Usiku huo tulianza na filamu. Rangi zilikuwa kali kama kanga mpya, bibi kizee katika hadithi alikuwa na uso laini kama wa mwanasesere, na watu walitembea kwa utelezi usio wa kawaida, kana kwamba tunatazama tamthilia ya mchana na si filamu. Mke wangu alisema waigizaji wanaonekana kama wanasoma taarifa ya habari. Nilimpigia simu mwanangu aliyeko Dodoma, naye akaniambia kwamba tatizo si filamu. Picha ilikuwa kwenye mpangilio uitwao Vivid, ambao umetengenezwa kushindana na taa za duka, tena ukiwa umewashwa kile kinachoitwa ulainishaji wa mwendo. Filamu kwa kawaida hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni yenye ulainishaji hubuni picha nyingine za katikati ambazo mpiga picha hakuzipiga kamwe, ikazichomeka kati ya zile za kweli, na mwendo ukawa wa kuteleza. Unaweza kuigundua hali hiyo bila kipimo chochote. Tafuta mahali ambapo mtu anapita mbele ya uzio wa miti au ukuta wa matofali, kisha tazama ukingo wa mwili wake: pale ambapo televisheni imekosea kubuni, miti ya uzio hutetemeka na kuyeyuka kuzunguka miguu yake. Katika filamu yetu palikuwa na uzio, na ulitetemeka kweli.

Akanielekeza kwenye mipangilio ya picha, nikachagua Filmmaker Mode. Modi hiyo haikubuniwa na kampuni moja. Ilitangazwa mwaka 2019 na UHD Alliance, umoja wa watengenezaji wa televisheni na studio za filamu, baada ya waongozaji wakubwa, akiwemo Martin Scorsese na Christopher Nolan, kulalamika kwamba kazi zao zinaharibiwa sebuleni kwa watu. Kwa kitufe kimoja inazima ulainishaji wa mwendo, inazima ule ukali bandia unaochora mstari mweupe pembeni mwa vitu, inazima kazi ya kufuta chenga ambayo hufuta na vinyweleo vya ngozi, inaacha picha katika umbo lake bila kuivuta wala kuikata kingo, na inaweka nyeupe katika kiwango kilekile ambacho studio hukitumia. Sikuhitaji fundi, wala kifaa cha kupimia, wala kuzungusha namba nisizozielewa.

Yule bibi kizee akarudishiwa makunyanzi yake. Kulikuwa na tukio ambapo anachambua mchele karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza niliona mishipa ya mkono wake na vumbi la pumba likielea kwenye mwanga. Uzio ukatulia. Kusema kweli, usiku huo ningeandika sifa tupu na kutoa nyota zote tano.

Tukaenda jikoni kuchukua chai. Tuliporudi, bibi alikuwa mwanasesere tena.

Nikaichagua modi upya, ikakaa kidogo, ikapotea. Kesho yake vilevile. Kwanza nilidhani ni umeme, kwa kuwa ulikuwa umekatika jioni. Kisha nikamgombeza mjukuu wangu kwamba anachezea rimoti, mtoto akalia, kumbe namwonea. Siku ya tatu nikakaa na saa mkononi: zilipita kama dakika tano tangu nilipoweka rimoti mezani, na picha ikajirudisha yenyewe kwenye Vivid mbele ya macho yangu. Sauti nayo ilirudi kwenye kiwango chake cha awali. Na chini ya skrini mara kwa mara kilijitokeza kibango cha kusifia ubora wa televisheni hiyohiyo niliyokwisha kuinunua, jambo ambalo nilikuwa nimelichukulia kama adabu ya mtengenezaji.

Nikaenda dukani. Kijana hakuinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Nilimweleza kwa utaratibu, naye akanijibu mbele ya wateja kwamba hiyo modi ni ya watu wa sinema, kwamba inaipa picha homa ya manjano, na kwamba mzee anayetazama mpira na taarifa ya habari haihitaji. Kama nataka rangi "zisetiwe kitaalamu," atatuma fundi kwa shilingi 40,000. Watu wakacheka. Mimi nimefundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, na nayajua macho ya mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani lakini anasema daftari limepotea.

Kuhusu manjano nilikuwa na jibu, na lilikuwa juu ya rafu yake mwenyewe. Boksi za balbu nyeupe alizokuwa akiuza zilikuwa zimeandikwa 6500K, na hiyo kwa makadirio ndiyo nyeupe ambayo Filmmaker Mode hulenga. Nyeupe ya Vivid ndiyo iliyokuwa imeegemea mno kwenye buluu, na jicho lililozoea buluu huona nyeupe ya kweli kama imechacha. Nilikuwa nimeshajaribu nyumbani: nilishika karatasi chini ya balbu ya namna hiyo kando ya skrini iliyoonyesha mawingu, na karatasi ilifanana na mawingu ya Filmmaker Mode, si ya Vivid. Si kipimo cha maabara, kwa maana balbu za bei rahisi haziaminiki sana, lakini kinatosha kuondoa hofu. Baada ya usiku mbili au tatu jicho huzoea, na Vivid ndiyo inayoonekana mgonjwa. Nilimwonyesha boksi. Akasema, "Hizo ni balbu, mzee." Nikatoka.

Jioni mwanangu aliniuliza swali moja: je, mahali fulani kwenye mipangilio ya jumla pameandikwa Retail Mode? Pameandikwa. Katika yale maswali ya mwanzo, televisheni huuliza iko wapi, nyumbani au dukani, na yule kijana, kwa mazoea ya kuwasha televisheni za maonyesho, alikuwa amejibu dukani. Katika hali hiyo televisheni hujirudisha kwenye mng'ao wake kila baada ya muda mfupi, ili mteja mmoja akichezea mipangilio, mteja anayefuata asikute picha iliyofifia. Nilibadilisha kuwa Home Mode, nikachagua Filmmaker Mode tena, na haijapotea tangu siku hiyo. Televisheni nyingine huandika Store na Home, lakini maana ni ileile. Shilingi 40,000 zingelipia fundi aje achague modi ambayo ingejifuta kabla hajafika barabarani.

Kwa hiyo modi haikuwa na kosa, na ningeishia hapo kama isingekuwa dirisha langu. Nyumba yetu inatazama ziwa, na jua la jioni huzama upande wa Kongo likipiga moja kwa moja sebuleni. Saa kumi na moja, Filmmaker Mode haifai kitu. Inatarajia chumba chenye giza, kama studio, na tukio la usiku linakuwa kioo ambamo najiona mwenyewe nimekaa kwenye kochi. Hasira zikanirudia, safari hii dhidi ya Scorsese na wenzake, ambao nadhani hawajawahi kuishi nyumba inayotazama magharibi. Nikarudi kwenye Vivid kwa siku kadhaa, nakiri.

Suluhisho la mchana nimelipata katika modi ya Cinema, nayo ina hila zake. Jina la Cinema, au Movie kwenye televisheni nyingine, kila mtengenezaji hulitumia apendavyo, hakuna umoja unaolisimamia. Kwenye yangu rangi zake ni tulivu karibu sawa na Filmmaker Mode na mwanga ni mwingi zaidi, lakini ulainishaji wa mwendo ulibaki umewashwa kidogo, nikauzima kwa mkono. Sasa mchana ni Cinema, usiku ni Filmmaker Mode, na pazia zito nitanunua nikijaliwa.

Kitu kingine kilichonipotezea jioni nzima ni kwamba televisheni yangu hukumbuka modi kwa kila chanzo peke yake. Nilipoiweka nikiwa natazama kupitia kingamuzi, flashi ilibaki na mpangilio wake wa zamani, na kwa muda niliamini ule ugonjwa wa duka umerudi. Nilipoiweka kwenye flashi nako, nikagundua jingine la kukatisha tamaa: filamu zilizobanwa mno ili ziingie nyingi kwenye flashi moja huonekana mbaya zaidi. Kazi ya kufuta chenga ikizimwa, vile vipande vya mraba kwenye anga na kwenye vivuli vinajitokeza vyote. Modi hii huonyesha kilichomo. Kama kilichomo ni kibovu, utakiona ubovu wake kwa uaminifu mkubwa. Kwa flashi za namna hiyo narudi Cinema, na mara nyingine narudi kulala.

Je, naisifu? Leo ndiyo, kwa filamu nzuri, baada ya magharibi. Jumapili jua likiwa kali mniulize tena.

Juzi nilipita mbele ya lile duka. Televisheni zote zilikuwa zimewaka kwa Vivid, na kijana alikuwa anamfungia mama mmoja boksi kwenye bajaji. Nilimsogelea yule mama nikamwambia, "Dada, ikiuliza nyumbani au dukani, jibu mwenyewe." Kijana akanitazama, kisha akasema, "Shikamoo, mwalimu."