Umeme ukikatika kila siku: pawabenki ipi na sola ipi kwa spika na vipokea sauti visivyo na waya

Ukiingia duka la vifaa vya simu Kariakoo ukisema unataka kitu cha kukuvusha kwenye mgao, mara nyingi utaoneshwa kwanza pawabenki yenye kioo cha sola mgongoni. Kwenye orodha yangu hiyo ni ya mwisho. Anza na hizi.

1. Pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000, yenye hali ya chaji ndogo

Kwa mtu mwenye spika ndogo ya mkononi na vipokea sauti vya masikioni, hii inatosha. Pawabenki ya namna hiyo ina nishati ya Wh 37 hivi ndani, lakini sehemu hupotea umeme unapopandishwa kutoka volti 3.7 za betri hadi volti 5 za USB. Hesabu kwamba utapata kama Wh 24. Spika ndogo yenye betri ya mAh 750 ina karibu Wh 3, na kasha la vipokea sauti pamoja na vipokea sauti vyenyewe ni kama Wh 2. Ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, utavijaza vyote viwili karibu mara nne. Lakini kama spika yako ni ile kubwa ya Wh 17, utaijaza mara moja tu. Hapo ndipo pawabenki ya mAh 20,000 inapokuwa na maana.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme mdogo sana, kwa sababu hudhani simu imeshajaa. Kasha la vipokea sauti huvuta umeme mdogo hivyo hasa, na zaidi linapokaribia kujaa. Unaliacha usiku kucha, asubuhi unalikuta nusu. Zipo pawabenki zenye hali maalumu kwa vifaa vidogo, na nyingi kati ya hizo huiwasha ukibonyeza kitufe mara mbili au ukikishikilia kidogo. Kwa hiyo nenda dukani na kasha lako likiwa limekaribia kujaa, lichomeke, kisha subiri dakika mbili au tatu. Taa za pawabenki zikizimika na kasha likaacha kuchaji, omba nyingine. Kama tayari unayo inayojizima, chomeka spika kwenye tundu la pili wakati huohuo. Mara nyingi hilo huizuia kulala.

Angalia pia uzito. Seli ya kawaida ya duara iliyo bora sana hubeba kama mAh 3,500 na huwa na gramu 45 hadi 50. Pawabenki inayojiita ya mAh 50,000 ingehitaji seli zaidi ya kumi na nne, yaani zaidi ya nusu kilo. Ikiwa nyepesi kama simu, namba hiyo ni ya uongo. Iliyo ya kweli mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo uwezo wake halisi kwenye volti 5, na uwezo huo ni mdogo kuliko namba kubwa ya mbele.

2. Pawabenki hiyohiyo, na paneli ya sola ya pembeni

Nunua paneli pale tu umeme unapokosekana mchana kutwa, au kijijini ambako haupo kabisa. Umeme ukirudi hata saa chache usiku, pawabenki itajaa ukutani. Paneli ya wati 10 kwenye jua kali hutoa kama wati 6, hivyo kuijaza pawabenki ya mAh 10,000 huchukua siku nzima ya jua zuri. Ningechukua ya wati 20.

Hakikisha ina tundu la USB lililotengenezwa nayo. Paneli zilizoandikwa volti 18 ni za kuchaji betri za volti 12. Zinahitaji kidhibiti chaji chenye USB, na ukiunganisha waya zake moja kwa moja utaunguza kifaa. Iweke nje, si nyuma ya dirisha, na kivuli cha tawi kisiiguse hata kwenye kona. Pawabenki ikae chini ya paneli, kivulini. Chaji pawabenki kwanza, ndipo vipokea sauti jioni, maana kila wingu likipita umeme wa paneli hupanda na kushuka.

3. Pawabenki yenye sola mgongoni

Kioo kile ni kidogo kama simu, na hata juani mara nyingi hutoa wati moja hivi. Kujaza Wh 37 kwa mwendo huo ni wiki nzima ya kuanika, na wakati wote huo betri ya lithiamu inapikwa na joto, jambo linaloichakaza haraka au kuivimbisha. Ukiona ganda limeanza kuachana, usiichaji tena. Ikiwa bei yake ni sawa na ya kawaida, inunue kama pawabenki tu na uichaji ukutani.