Wayback Machine: achana na kalenda, omba orodha ya nakala

Watazamaji wapendwa, karibuni tena. Wengi wenu mnaifahamu Wayback Machine, huduma ya Internet Archive inayohifadhi nakala za zamani za kurasa za wavuti, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, kwa hiyo sitaeleza namna ya kubandika anwani na kubofya kalenda. Kalenda yenyewe ndiyo inayoniudhi, kwa sababu inaonyesha siku ambazo nakala zilichukuliwa bila kueleza zipi zinatofautiana, na anayetafuta aya moja iliyofutwa huishia kufungua nakala nyingi zilizo sawa kabisa.

Ninachokipenda mno ni orodha ya CDX, yaani faharasa ya nakala za anwani moja, inayotolewa kama maandishi matupu. Tuseme ukurasa wa example.org/mwongozo ulikuwa na jedwali ambalo limeondolewa. Ninaandika hivi kwenye kivinjari:

```
https://web.archive.org/cdx/search/cdx?url=example.org/mwongozo&fl=timestamp,digest,length&filter=statuscode:200&collapse=digest
```

Kila mstari unaanza na tarakimu 14 za mwaka, mwezi, siku na saa, kwa saa za UTC. Kinachofuata, `digest`, ni alama inayokokotolewa kutokana na maudhui ya ukurasa, na `collapse` huunganisha nakala zinazofuatana zenye alama ileile, hivyo zinabaki zile tu ambapo kitu kilibadilika. Sasa tazameni `length`, yaani ukubwa wa nakala ikiwa imebanwa: katika mfano wetu, mstari wa 20210314090512 una 18432, na unaofuata una 9210. Ukubwa ukiporomoka namna hiyo, hapo ndipo ninapoanza kutafuta, na ninaifungua nakala iliyotangulia:

```
https://web.archive.org/web/20210314090512id_/http://example.org/mwongozo
```

Hiyo `id_` huleta faili kama lilivyopokelewa, bila viungo kubadilishwa na bila utepe wa juu. Hakikisheni kwamba tarakimu kwenye anwani hazijabadilika baada ya ukurasa kufunguka, kwa maana muda ulioomba usipokuwepo, huduma hukupeleka kwenye nakala iliyo karibu, ambayo huenda ilichukuliwa baada ya jedwali kuondolewa.

Ujanja huu una mipaka. Ukurasa unaoandika saa ya sasa au idadi ya wasomaji hubadilisha alama kila unapochukuliwa, na orodha inajaa tofauti zisizo na maana. Jedwali lililopakiwa na JavaScript kutoka anwani nyingine halimo kwenye faili hilo. Itabidi uitafute anwani hiyo ndani ya msimbo, kisha uiombee orodha yake.

Kuhusu washindani, archive.today huhifadhi zaidi kile ambacho mtu ameomba kihifadhiwe, nayo Google iliondoa viungo vya nakala zake mwaka 2024. CDX haina malipo wala haihitaji akaunti, na kwangu inaishinda kalenda kwa mbali. Video ijayo itahusu picha zilizopotea, ambazo mara nyingi zilihifadhiwa tarehe tofauti na ukurasa wake.